Namba ya Buda

Je, mtoto ana haki ya kumsukuma babake akapimwe kitu ambacho baba mwenyewe hajauliza? Watu wa rika langu tunaliona swali hili kama halina kazi. Novemba ikifika, wasee wanafuga masharubu, mabango ya saratani ya tezi dume yanajaa kwenye simu, na ujumbe ni mmoja: mpeleke buda akapimwe. Ni damu tu. Sindano moja, dakika mbili, na siku hizi hata kidole ambacho wazee wamekiogopa miaka yote si lazima uanze nacho. Mzee akikataa, tunasema ni ushamba, au ni ule ukaidi wa wanaume wa zamani ambao hawaendi hospitali mpaka wabebwe.

Mimi naona swali lina uzito, na uzito wenyewe uko ndani ya ile namba. Ukishaelewa inapima nini, unaanza kuona kwamba mzee anayesita huenda anafikiria vizuri kuliko sisi tunaomvuta mkono.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, ile tezi iliyokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Kila mwanamume anayo, hata wewe kijana wa miaka 24 unayesoma hii kwenye matatu. Kazi yake ni kuzifanya shahawa ziwe majimaji baada ya kutoka, ili mbegu ziweze kusafiri. Mahali pake ni humo kwenye tezi na kwenye shahawa, si kwenye damu. Lakini kidogo huvuja na kuingia kwenye damu, na kile wanachopima maabara ni huo uvujaji. Basi. Hakuna mtu anayeiona kansa kwenye ile chupa ya damu.

Kansa inaweza kuongeza uvujaji, kwa sababu inavuruga mpangilio wa seli zinazoizuia protini hii isitoke. Shida ni kwamba vitu vingine vingi vinafanya vivyo hivyo. Tezi ikitanuka kwa sababu ya umri, jambo linalowapata wanaume wengi wakizeeka na ambalo si kansa, inatengeneza PSA nyingi zaidi na inavuja zaidi. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kuipandisha namba kwa wiki kadhaa. Mkojo ukiziba na mtu akawekewa mpira, inapanda. Hata kulala na mke siku moja au mbili kabla ya kipimo kunaweza kuisogeza kidogo, swali ambalo sijui ni nesi gani wa miaka 23 atamuuliza mzee wa kanisa mbele ya foleni. Kwenye jina la PSA kuna neno linalomaanisha kwamba ni ya kitu kimoja mahususi, na watu wengi wanadhani kitu hicho ni saratani. Ni tezi.

Kuna Mmarekani anaitwa Richard Ablin, aliyeandika kuhusu antijeni ya tezi dume mwaka 1970. Miaka 40 baadaye, mwaka 2010, aliandika kwenye gazeti la New York Times akilalamika kwamba kuwapima wanaume wote kwa kipimo hiki kumeleta hasara kubwa kwa afya ya umma. Si kwamba kipimo hakina kazi. Marekani ilipokiidhinisha mwaka 1986, kilikuwa cha kuwafuatilia wanaume ambao tayari wanajulikana wana saratani, kuona kama imerudi, na kwa kazi hiyo ni kizuri sana: mtu aliyetolewa tezi yote hafai kuwa na PSA, kwa hivyo ikionekana tena, ni habari. Ruhusa ya kukitumia katika kugundua ugonjwa ilikuja mwaka 1994. Hapo ndipo namba iliyokuwa inajibu swali moja vizuri ilipoanza kuulizwa swali lingine.

Nikupe kisa cha baba ya rafiki yangu, ambaye ameniruhusu nikisimulie bila jina. Ana miaka 66, alistaafu ualimu, anaishi na mkewe kwenye shamba lao dogo, na anaamka usiku mara tatu kwenda kukojoa. Kulikuwa na kambi ya bure ya matibabu karibu na kwao. Rafiki yangu, aliye Nairobi, alimpigia simu asubuhi hiyo akamsihi aende. Mzee akaenda. Siku chache baadaye alipewa karatasi: PSA 7.4, na pembeni herufi H, yaani iko juu. Chini yake, kiwango cha kawaida: 0 hadi 4.0. Hakuna aliyekaa naye. Aliyempa karatasi alimwambia tu atafute daktari wa mkojo.

Mzee hakutafuta daktari. Aliikunja ile karatasi, akaiweka kwenye Biblia, na kwa wiki tatu hakumwambia mtu, hata mkewe. Alichofanya ni kumwita mpimaji wa ardhi. Rafiki yangu alijua kuna kitu aliposikia kwamba shamba limeanza kugawanywa, na kwamba mzee ameuliza bei ya ng'ombe wote wawili kwa pamoja. Akasafiri nyumbani.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, kijana yangu? Karatasi haikusema ni ugonjwa gani. Imesema niko juu."

Hilo jibu limekaa kichwani mwangu. Mzee alikuwa ameisoma karatasi kwa usahihi kuliko mwanawe, ambaye tayari alikuwa anatafuta kwenye simu hospitali za upasuaji. Karatasi kweli haikusema. Ila mwili wa mzee ulikuwa umeshaanza kuishi kama umeambiwa.

Daktari waliyemwona baadaye aliuliza swali ambalo kambini halikuulizwa: mzee, hivi karibuni umeugua mkojo? Ndiyo. Wiki tatu kabla ya kambi alikuwa na maumivu na homa, akapewa dawa za maambukizi kwenye zahanati, akapona. Basi daktari akasema ile 7.4 tuiweke kando, turudie baada ya muda. Walirudia wiki nane tangu ile ya kwanza, kwenye maabara ileile maana mashine tofauti zinaweza kutoa namba tofauti kidogo. Ikatoka 5.2.

Bado iko juu ya 4. Bado ile H iko pembeni. Lakini daktari akafanya kitu ambacho nilipenda kwa sababu ni hesabu ya darasa la sita. Alimfanyia skani kupima ukubwa wa tezi, akapata kama sentimita za ujazo 65. Tezi ya kijana ni kama 20 au 25. Tezi kubwa inavuja zaidi hata ikiwa nzima, kwa hivyo unagawanya PSA kwa ukubwa wa tezi: 5.2 kwa 65 ni 0.08. Wanaoshughulika na mambo haya huanza kuwa na wasiwasi zaidi ikifika 0.15. Mzee mwenye PSA hiyohiyo ya 5.2 lakini tezi ya 25 angepata 0.21, na mazungumzo yangekuwa mengine kabisa. Namba moja, H moja, wanaume wawili walio mahali tofauti. Kipimo cha kidole nacho kilifanywa (mzee alisema aliogopa bure miaka 20), na tezi ilikuwa laini, haina uvimbe mgumu. Kidole hakifiki pande zote za tezi, kwa hivyo hiyo pia si hati ya kuachiliwa. Ni jambo moja zaidi la kuweka kwenye mizani.

Kuamka usiku je? Hapa wengi wetu tumepotoshwa. Mkojo unaosumbua wazee mara nyingi unatokana na kule kutanuka kwa kawaida, kwa sababu tezi inabana mrija. Saratani changa ya tezi dume kwa kawaida haisemi kitu. Inaanzia zaidi sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija. Kwa hivyo mzee anayeamka mara tatu hana lazima ya kuogopa kuliko jirani yake anayelala fofofo, na jirani anayelala fofofo hana sababu ya kujidai.

Sasa tuiangalie hiyo 4.0. Ukiona mstari kwenye karatasi, unafikiri kuna ukuta: huku wazima, kule wagonjwa. Marekani kuna utafiti uliowafuata maelfu ya wanaume kwa miaka saba, na mwishoni wakachomwa sindano za kutoa vipande vya nyama kwenye tezi hata wale ambao PSA yao haikuwahi kupita 4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Kati ya hao wenye namba "nzuri", kama 15 katika kila 100 walikutwa na saratani. Hata kwa wale ambao namba yao ilikuwa chini kabisa, 0.5 kushuka chini, walikuwepo. Na upande wa pili wa mstari, kati ya 4 na 10, ukiwatoa nyama wanaume wanne utaikuta kansa kwa mmoja, kwa makadirio. Watatu wamechomwa sindano na kulala macho kwa sababu nyingine. Ukuta haupo, kuna mteremko tu. Kadiri namba inavyopanda, uwezekano unapanda, na mtu fulani aliamua pa kupiga mstari akijua kwamba akiusogeza chini atawatisha wengi zaidi bila sababu, na akiusogeza juu atawakosa wengine. Uamuzi huo si wa kemia pekee. Ndani yake kuna hukumu kuhusu ni kosa gani baya zaidi.

Hapo mtu atasema: sawa, lakini huyo mmoja kati ya wanne si tumemwokoa? Ningependa tusikimbie hapa, kwa sababu ndipo fundo lilipo.

Neno kansa kwetu linamaanisha kifo. Ukilisikia unaona harambee, unaona India, unaona nywele zimeisha. Saratani ya tezi dume inaweza kuwa hivyo. Lakini wanaume wazee waliokufa kwa ajali, moyo au kiharusi wakichunguzwa baada ya kifo, sehemu kubwa yao hukutwa na saratani ndogo kwenye tezi ambayo hawakuijua na ambayo haikuwafanya lolote. Ilikuwa inakua polepole kuliko maisha yao. Mtu wa namna hiyo angepimwa, angeambiwa ana kansa, na lisingekuwa kosa la maabara. Ingekuwa kweli kabisa, na bado isingemhusu.

Utafiti mmoja mkubwa tulio nao juu ya swali hili ulifanyika Ulaya, ukaanza miaka ya 1990 na kuwahusisha wanaume zaidi ya 160,000 katika umri wa kati. Karibu nusu walialikwa kupimwa PSA mara kwa mara, wengine wakaachwa waendelee kama kawaida. Baada ya miaka 23, vifo vya saratani hii vilikuwa vimepungua kwa asilimia 13 kwenye kundi lililoalikwa. Ukiigeuza hesabu hiyo iwe watu: alika wanaume 456, na utakuwa umezuia kifo kimoja cha saratani ya tezi dume. Kwa kila kifo kimoja kilichozuiwa, kuna wanaume 12 wa ziada walioambiwa wana saratani ambao bila mwaliko wasingeambiwa katika muda huo.

Simama na hao 12. Mmoja wao hakufa kwa kansa kwa sababu alipimwa. Hiyo ni kubwa, usiidharau, kuna familia yenye mzee kwa sababu hiyo. Lakini ni nani kati yao? Hakuna anayejua. Daktari hajui, mke hajui, yeye mwenyewe hajui na hatajua kamwe. Wote 12 walipata namba, wakaogopa, wengi wao wakatibiwa, wakapona. Wote 12 wanaweza kusimama kanisani Jumapili na kusema kipimo kiliniokoa, na hakuna hata mmoja anayedanganya. Anayeumizwa na kipimo, yaani aliyetibiwa kansa ambayo ingelala tu, anatoa ushuhuda uleule kama aliyeokolewa. Hata anaweza kushukuru zaidi. Kwa hivyo kadiri tunavyowapima wengi wasiohitaji, ndivyo mashuhuda wanavyoongezeka, na ndivyo sisi wengine tunavyozidi kuamini.

Ndiyo maana mifano ya watu maarufu hainisaidii. Nelson Mandela alitibiwa saratani ya tezi dume kwa mionzi mwaka 2001, akaishi hadi 2013, akafariki akiwa na miaka 95 kwa ugonjwa wa mapafu. Kwenye bango ingekaa vizuri. Lakini hadithi hiyo inaingia sawasawa kwenye mikono ya pande zote mbili. Mmoja atasema matibabu yalimpa miaka 12. Mwingine atasema hiyo ilikuwa kansa ya polepole ya mtu wa miaka 80 na zaidi. Maisha ya mtu mmoja hayawezi kuamua, kwa sababu maisha ya pili, yale ambayo hakupimwa, hayakuishi.

Lingekuwa jambo dogo kama matibabu yangekuwa panadol. Kwanza kuna kuchukuliwa nyama: kama vipande 12 kwa sindano, mara nyingi kupitia njia ya haja kubwa, pamoja na hatari ya maambukizi, na bado vipande hivyo ni sehemu ndogo sana ya tezi nzima. Siku hizi penye uwezo wanatanguliza MRI, ili asiyeonyesha kitu cha kutia shaka aepuke sindano na anayeonyesha achomwe palepale penye shaka. Halafu, ikiwa ni kansa, kuna kutoa tezi au kupigwa mionzi. Mishipa ya nguvu za kiume inapita ubavuni mwa tezi, na msuli unaozuia mkojo uko chini yake tu. Wanaume wengi wanatoka upasuaji wakiwa hawana nguvu kama za awali. Wengine wanavaa pedi kwa miezi, wachache kwa maisha yao yote. Mionzi nayo inaweza kuusumbua utumbo. Mtu mwenye kansa kali atasema ni bei ndogo, na yuko sawa. Mtu ambaye kansa yake ingelala amelipa bei hiyohiyo na hakununua kitu.

Uingereza walifanya jambo la kijasiri: waliwagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643, waliogunduliwa kwa PSA wakiwa na saratani ambayo bado iko ndani ya tezi, katika makundi matatu: upasuaji, mionzi, au kufuatiliwa tu. Baada ya miaka 15, kama 97 katika kila 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, na makundi yote matatu yalikaribiana. Kwa waliofuatiliwa, kansa ilisambaa kwa wengi zaidi kuliko kwa waliotibiwa mara moja, na wengi wao hatimaye walitibiwa, kwa hivyo kufuatilia si bure. Lakini kulikuwa na muda wa kufikiri. Hilo ndilo mzee wetu aliyeita mpimaji wa ardhi hakuambiwa: hata ingekuwa kansa, na hata ingekuwa aina ya kawaida inayogunduliwa hivi, hakuwa na haraka ya wiki tatu.

Sasa nijipinge mwenyewe, maana nikiishia hapo nitakuwa nimeandika insha ya Ulaya kwa Kiswahili.

Wanaume wa tafiti hizo karibu wote ni wazungu. Marekani, wanaume weusi hupata saratani hii zaidi na hufa nayo kama mara mbili ya wazungu, na sababu zinachanganyika, damu na mazingira na jinsi hospitali zinavyowapokea. Kwetu Kenya ndiyo inayoongoza kati ya saratani za wanaume, na wengi wanaikuta ikiwa imeshafika kwenye mifupa. Buda wa mtaani anaumwa mgongo, anakunywa dawa za maumivu mwaka mzima, anapakwa mafuta, halafu miguu inakataa. Akipimwa, PSA ni mamia. Kwa huyo, namba inasema mengi. Namba ya 5 ni mnong'ono, ya 400 ni mayowe, na mzee anayeumwa mifupa akanyimwa kipimo kwa sababu msee mmoja alisoma kuhusu Ulaya, hiyo itakuwa dhambi yetu.

Kwa hivyo kuna maswali mawili ambayo mabango yanayachanganya. Mwenye dalili, mgongo usiopona, damu kwenye mkojo, kukonda, anatafuta jibu la kitu kinachomtesa sasa. Huyo apimwe leo. Asiye na dalili hatafuti jibu la kitu chochote, anaalikwa kwenye bahati nasibu ambayo ina zawadi ya kweli na bei ya kweli. Na kwake, manufaa yanategemea kinachofuata baada ya sindano. Ulaya aliyepata 5.2 alikuwa na mtaalamu wa kusoma vipande vya nyama, na daktari wa kumfuatilia. Kambi inayogawa namba halafu ikafunga hema na kuondoka haijampa mzee nusu ya kile walichopewa wanaume wa utafiti. Imempa ile nusu inayoumiza. Na bado, mwanamume wa hapa huenda ana sababu zaidi za kupimwa kuliko Mzungu, kwa kuwa hatari yake huenda ni kubwa zaidi. Hayo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja na sioni njia ya kuyafanya yapatane.

Hata wataalamu wameyumba. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilisema mwaka 2012 wanaume wasipimwe PSA bila dalili. Mwaka 2018 likasema wa miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe wakiwa na daktari, na kuanzia 70 wasipimwe. Ushahidi ulikuwa umeongezeka kidogo, na kufuatilia bila kukata kulikuwa kumeenea. Lakini soma tena hilo la waamue wenyewe. Maana yake ni kwamba hesabu imefika mwisho wake, na kinachobaki ni mtu: anaogopa nini zaidi, kufa kwa kansa iliyokuwa inaweza kukamatwa, au kuishi miaka 20 na pedi kwa sababu ya kansa ambayo isingemuua? Mwanamume wa 58 aliyeoa tena majuzi, na aliyemzika kakake kwa ugonjwa huu, wanaweza kujibu tofauti na wote wawe na akili timamu.

Na kama jibu liko ndani ya mzee, basi linatakiwa lijulikane kabla ya sindano. Hapa ndipo namlaumu rafiki yangu, na nimemwambia. Kumpigia babako saa moja asubuhi ukasema enda tu, ni bure, ni kumfanyia uamuzi ambao hautalipia kwa mwili wako. Yeye anasema hapana, mtoto anayempenda babake hamwachi abahatishe. Anasema sisi ndio tutakaolipa hospitali, sisi ndio tutakaombeba, kwa hivyo tuna sauti. Sauti tunayo, nakubali. Lakini sauti ya kuuliza si sawa na mkono wa kuvuta. Kwamba nitalipa bili hakunipi umiliki wa hofu ya mtu mwingine, na namba ikishaingia nyumbani haitoki. Huwezi kumwambia mzee asahau ile 7.4. Mkewe sasa anahesabu safari zake za chooni.

Mzee mwenyewe, alipoelezewa yote haya na daktari kwa utaratibu, alichukua kijitabu chake cha ualimu na kuandika. MRI alikataa kwa sasa, iko mbali na ni ghali, na kwa 0.08 daktari hakumlazimisha. Atapima damu kila miezi sita, maabara ileile, na akiwa na homa au mkojo unauma atasubiri kwanza. Alijua namba inaweza kupanda na kushuka kidogo bila kitu chochote kutokea, kwa hivyo hatakimbizwa na karatasi moja. Ikipanda mara mbili mfululizo, au ikipita 10, atauza ng'ombe mmoja aende MRI. Ikikutwa kansa ya polepole ataomba kufuatiliwa. Ikiwa kali, atakubali mionzi lakini si kisu, sababu yake akasema ni yake na mama.

Mwanawe hajakubaliana na huo mpango hadi leo. Anaona babake angetolewa nyama mara moja wakajua moja. Wiki iliyopita walibishana tena kwenye simu, na mzee akamuuliza, "Wewe una miaka 29. Ukifika 50 utapima?" Rafiki yangu alisema ndiyo, bila kufikiri. Mzee akamwambia akishafikiri ampigie tena.